Upangaji Usio na Tarehe ya Mwisho Si Upangaji Dhaifu

Sheria ya Haki za Wapangaji ya Uingereza, kwa maana ya England peke yake, iliidhinishwa rasmi Oktoba 27, 2025, na sehemu yake inayowagusa wapangaji wengi zaidi imewekewa Mei 1, 2026 kuwa siku ya kuanza kutumika. Kuanzia siku hiyo, katika nyumba za kupanga za watu binafsi nchini humo, mkataba wa muda maalumu, yaani ule unaosema kwamba unaanza tarehe fulani na kumalizika tarehe fulani, unaondoka. Kila mpangaji anayehusika anakuwa katika upangaji wa vipindi, unaosogea mwezi kwa mwezi bila tarehe ya mwisho. Habari hii imepokelewa na wasemaji wengi wa Kiswahili wanaoishi huko kana kwamba wameporwa kitu. Mama mmoja mzaliwa wa Mombasa, anayepanga nyumba ndogo mjini Leicester, alinitolea mkataba wake kutoka kwenye bahasha ya plastiki, akaweka kidole juu ya mstari wenye tarehe ya mwisho, akaniuliza, "Sasa kaka, karatasi hii kazi yake ni kufungia maandazi?"

Swali lake lina mantiki, kwa sababu sote tumezoea kuamini kwamba mwenye mkataba wa mwaka ana usalama wa mwaka, na anayelipa mwezi kwa mwezi anaweza kuambiwa ahame mwezi wowote. Hoja yangu ni kwamba imani hiyo inapima kitu kisicho sahihi. Urefu wa muda ulioandikwa kwenye mkataba unaeleza machache sana kuhusu usalama wa mpangaji. Linalompa usalama ni jinsi upangaji unavyoweza kumalizwa: nani ana uwezo wa kuumaliza, kwa notisi ya muda gani, na kama analazimika kutoa sababu itakayopimwa na mtu mwingine. Ukiuliza maswali hayo matatu, upangaji wa vipindi unaweza kuwa imara kuliko wa muda maalumu, na unaweza pia kuwa dhaifu kupita kiasi. Yote yanategemea sheria iliyouzunguka.

Tuanze na tofauti ya asili kati ya aina hizi mbili, kama ilivyokua katika sheria ya Kiingereza na kusambaa hadi Afrika Mashariki. Upangaji wa muda maalumu ni kama mshumaa: urefu wake unajulikana tangu unapowashwa, na unapofika mwisho unazimika wenyewe. Kwa kanuni ya asili, hakuna anayehitaji kutoa notisi, kwa kuwa pande zote mbili zilikwisha kuambiana tarehe siku ya kutia saini. Kabla ya tarehe hiyo mwenye nyumba hawezi kumtoa mpangaji ambaye hajavunja masharti, na mpangaji naye hawezi kuondoka na kuacha kulipa, isipokuwa mkataba una kifungu kinachoruhusu kuukatisha au wawili hao wakubaliane. Upangaji wa vipindi ni kama koroboi inayotiwa mafuta kila mwezi. Hauna mwisho uliopangwa. Kila kipindi kinapoisha kingine kinaanza, na utaendelea hivyo hadi mmoja aseme kwamba hatatia mafuta tena. Kusema huko ndiko kunakoitwa notisi. Kanuni ya zamani inataka notisi hiyo isiwe fupi kuliko kipindi chenyewe, na imalizike pale kipindi kinapomalizika, isikate katikati. Upangaji wa mwaka hadi mwaka ulikuwa na kanuni yake ya nusu mwaka, lakini huo si wa kawaida tena katika nyumba za kuishi.

Hadi hapo, mwenye hofu ana haki ya kuogopa. Ikiwa kanuni ya asili ndiyo inayotawala peke yake, basi mpangaji wa mwezi kwa mwezi ana usalama wa mwezi mmoja na siku chache. Lakini nchini Uingereza kanuni hiyo haijatawala peke yake kwa muda mrefu. Sheria ya Makazi ya mwaka 1988 iliweka jambo ambalo wapangaji wengi hawakuwahi kulisikia: katika upangaji wa vipindi unaolindwa na sheria hiyo, notisi ya kawaida ya mwenye nyumba ya kumtaka mpangaji ahame haina nguvu ya kuumaliza upangaji. Mpangaji akitoa notisi yake sawasawa, upangaji unaisha. Mwenye nyumba akitoa ya kwake, upangaji unaendelea, na njia iliyobaki ni kwenda mahakamani akiwa na sababu mojawapo kati ya zilizoorodheshwa. Kwa hiyo koroboi ile, kwa mujibu wa sheria, ilikuwa na mlango mmoja wa kutokea, nao ulikuwa upande wa mpangaji.

Mbona basi watu walikuwa wakihamishwa bila sababu kwa miaka yote hiyo? Kwa sababu sheria hiyohiyo ilikuwa na tundu, nalo ni kifungu cha 21. Kifungu hicho kilimruhusu mwenye nyumba kutoa notisi ya miezi miwili bila kueleza chochote, na mahakama ikiona karatasi zimekaa vizuri haikuwa na hiari ila kumrudishia nyumba yake. Notisi hiyo haikuweza kutolewa katika miezi minne ya mwanzo, na haikuweza kumtoa mpangaji kabla ya muda maalumu kumalizika. Hapo ndipo sifa ya mkataba wa muda maalumu ilipozaliwa: ulikuwa mwavuli dhidi ya kifungu cha 21, na mvua ilianza kunyesha siku ileile mwavuli ulipokunjwa. Wapangaji wakajifunza kuupenda mwavuli, wakasahau kuuliza mvua inatoka wapi. Sheria mpya imekiondoa kifungu cha 21 pamoja na muda maalumu kwa wakati mmoja. Anayetazama nusu moja tu ya mabadiliko hayo lazima aone hasara.

Kuna jambo jingine linalopaswa kuwatuliza wenye hofu. Hata chini ya utaratibu wa zamani, muda maalumu ulipoisha na mpangaji akabaki ndani bila kusaini mkataba mwingine, hakugeuka mvamizi. Sheria ilimwingiza moja kwa moja katika upangaji wa vipindi, kwa masharti yaleyale na kodi ileile. Maelfu kwa maelfu ya watu wameishi hivyo miaka mingi wakidhani kwamba mkataba wao "ulikufa", ilhali ulikuwa hai na ukifanya kazi kila mwezi. Karatasi ya yule mama wa Leicester haikuwa ya kufungia maandazi. Mstari wa tarehe ya mwisho ndio uliopoteza nguvu. Kiwango cha kodi, nani anatengeneza nini na dhamana iliyowekwa ni mambo yanayobaki kama yalivyo, na hahitaji kusaini mkataba mpya. Mwenye nyumba anatakiwa tu kumpatia karatasi ya maelezo ya serikali ifikapo Mei 31, 2026.

Tuuchukue mkataba wake, tufuate tarehe moja baada ya nyingine, kwa kuwa makosa ya notisi karibu yote ni makosa ya kalenda. Aliingia Septemba 5, 2025 kwa miezi kumi na miwili, hadi Septemba 4, 2026, kwa kodi ya pauni 1,100 kwa mwezi inayolipwa tarehe 5. Vipindi vyake, basi, vinaanza tarehe 5 na kuisha tarehe 4 ya mwezi unaofuata. Tuseme mwanzoni mwa Juni anapata kazi Birmingham. Chini ya utaratibu wa zamani angebanwa: mkataba wake hauna kifungu cha kuukatisha, na mwenye nyumba angeweza kumdai kodi hadi Septemba 4. Chini ya sheria mpya anaweza kutoa notisi ya maandishi ya miezi miwili, bila sababu, na mkataba hauwezi kumtaka atoe ndefu zaidi. Lakini miezi miwili peke yake haitoshi. Siku ya kumalizika lazima ilingane na mwisho wa kipindi. Akiikabidhi notisi Juni 2, miezi miwili inatimia Agosti 2, na mwisho wa kipindi unaofuata ni Agosti 4. Anaondoka siku mbili baadaye na hadaiwi kitu. Akichelewa hadi Juni 12, miezi miwili inatimia Agosti 12, kipindi cha Agosti 5 kimeshaanza, naye atalazimika kulipa hadi Septemba 4. Siku kumi za kusitasita zimemgharimu pauni 1,100, na kwa kinaya amerudi palepale kwenye tarehe ya mkataba wa zamani. Njia ya kukwepa hilo ni kupata ridhaa ya maandishi ya mwenye nyumba kwa muda mfupi zaidi. Ridhaa ya mdomo mlangoni ni maneno ya mlangoni.

Sasa tumgeukie mwenye nyumba. Tuseme anataka kuuza nyumba. Sababu hiyo imo katika orodha mpya, lakini ina minyororo miwili. Notisi yake ni ya miezi minne, na tarehe anayoitaja haiwezi kuwa kabla ya upangaji kutimiza mwaka mmoja tangu ulipoanza. Kwa yule mama, hata notisi iandikwe Mei 3, haiwezi kutaja siku iliyo kabla ya Septemba 5, 2026. Ikiandikwa Mei 20, siku ya mapema kabisa ni Septemba 20. Na siku hiyo ikifika, hakuna anayebadilisha kitasa. Notisi ya mwenye nyumba haiumalizi upangaji. Inamfungulia tu mlango wa kwenda mahakamani, ambako atalazimika kuonyesha kwamba kweli anauza. Akishatumia sababu hiyo, amezuiwa kuipangisha nyumba hiyo tena kwa miezi 12, ili asiitumie kama kifungu cha 21 kilichovaa kanzu nyingine. Utaratibu ni uleule ikiwa anataka kuingia kuishi mwenyewe au kumweka mtu wa familia yake ya karibu. Kwa mpangaji asiyelipa mambo ni ya haraka zaidi: deni likifika miezi mitatu, notisi ni ya wiki nne.

Linganisha hali hizi mbili kwa macho ya mama huyo. Zamani, mwenye nyumba angeweza kumwandikia mwanzoni mwa Julai notisi ya kuondoka baada ya Septemba 4, bila neno hata moja la sababu, na hakimu asingeuliza. Sasa anapata miezi minne badala ya miwili, anapata sababu, na sababu hiyo inaweza kupingwa. Tarehe ya Septemba 4 haikumpa kinga yoyote baada ya kufika. Ilikuwa ikihesabu siku za kinga zilizobaki.

Wanaopinga wana hoja, na baadhi yake ni nzito. Iliyo nzito kuliko zote ni ya mpangaji aliyekuwa na mkataba mrefu. Familia iliyosaini miaka mitatu Septemba 2025, ili mtoto amalize shule bila kuhama, ilikuwa na hakika kwamba nyumba haitauzwa chini yao hadi 2028. Kuanzia Mei 1, 2026 hakika hiyo haipo: mwaka wa kwanza ukipita, mwenye nyumba anaweza kuamua kuuza na kuwapa miezi minne. Hawa wamepoteza kitu cha kweli, na sioni haja ya kulifunika hilo. Kodi nayo ni hivyohivyo. Muda maalumu mara nyingi ulifunga kodi hadi mwisho wake. Sasa inaweza kupandishwa mara moja kwa mwaka kwa notisi ya miezi miwili. Hapa pana kizuizi cha kutosha, kwa maana mpangaji anaweza kulipeleka ongezeko hilo kwenye baraza la kodi, ambalo haliwezi kuamua kiwango kilicho juu ya kile alichotaka mwenye nyumba. Lakini kufungiwa kodi kwa miaka mitatu hakupo tena. Ningeona ni busara kama sheria ingewaachia pande mbili nafasi ya kukubaliana kwamba mwenye nyumba hatauza wala kuhamia kwa muda mrefu kuliko mwaka mmoja, huku mpangaji akibaki na notisi yake ya miezi miwili. Wengi, hata hivyo, walikuwa na mikataba ya miezi sita au kumi na miwili, na mwaka wa kwanza uliolindwa unawarudishia karibu kila walichokuwa nacho.

Wenye nyumba nao wanasema kwamba wamenyang'anywa uhakika wa mapato: mpangaji anaweza kuingia leo na kutoa notisi kesho. Hilo linawezekana kisheria, na kwa anayepangishia wanafunzi ni tatizo halisi, kwa kuwa nyumba ikiachwa wazi Februari haipati mtu hadi Septemba. Sheria imewapa wapangishaji wa aina hiyo sababu yao maalumu ya kuirudisha nyumba majira ya kiangazi, ingawa haiwalindi na mwanafunzi anayeondoka mapema. Kwa nyumba za kawaida hofu hii imekuzwa. Kuhama kunahitaji kuweka dhamana nyingine kabla ya kurudishiwa ya kwanza, kukodi gari, kutafuta shule, na kukosa siku za kazi. Sijaona mtu anayeyafanya hayo kwa starehe. Tena mpango huu si mgeni: Uskoti iliondoa muda maalumu katika upangaji mpya wa nyumba za watu binafsi tangu Desemba 2017, na mpangaji wa huko hutoa notisi ya siku 28 tu, isiyofika nusu ya ile ya Uingereza.

Kuna jambo ambalo wenye nyumba hawalitaji. Katika muda maalumu, kwa kuwa unaisha wenyewe, mpangaji aliweza kukabidhi funguo siku ya mwisho bila kumwambia mtu mapema. Mwenye nyumba alibaki akikisia: atabaki au ataondoka? Ndiyo maana mawakala walikuwa wakituma barua za kuuliza na kubembeleza miezi miwili kabla. Katika upangaji wa vipindi hawezi kushtukizwa namna hiyo, kwa sababu mpangaji asiyetoa notisi bado anadaiwa kodi. Miezi miwili, pamoja na siku za kufikia mwisho wa kipindi, ni muda wa kutosha kutangaza nyumba na kupata mwingine.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile niliyoisikia kwa mawakala wawili tofauti, kwamba upangaji usio na tarehe ya mwisho si mkataba, ni "makubaliano ya kienyeji" ambayo yeyote anaweza kuyavunja. Mkataba wa ajira wa kudumu hauna tarehe ya mwisho, na hakuna anayeuona dhaifu kuliko kibarua cha miezi mitatu. Katika ajira kila mtu anaelewa kwamba kutokuwa na tarehe ni nguvu, kwa sababu mwajiri atahitaji sababu ili kukuondoa. Katika nyumba tumezoea kinyume chake kwa kuwa sheria ilimruhusu mwenye nyumba asitoe sababu. Kasoro ilikuwa kwenye ruhusa hiyo, na kalenda ikabeba lawama isiyo yake.

Hatari ya kweli ya upangaji wa vipindi iko mahali ambapo wachache wanaangalia, nayo ni kwa wanaopanga pamoja. Vijana watatu wanaosaini mkataba mmoja, au mume na mke, kisheria ni mpangaji mmoja mwenye vichwa kadhaa. Katika muda maalumu, mmoja wao hawezi peke yake kuukatisha. Katika upangaji wa vipindi anaweza. Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa wakati huo, liliamua hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika shauri lililohusu nyumba ya halmashauri ya Hammersmith na Fulham jijini London: mwanamke aliyeondoka alitoa notisi peke yake, na mwanamume aliyebaki akapoteza nyumba ingawa hakukubali. Sababu ya majaji inarudi kwenye koroboi yetu. Upangaji wa vipindi unaendelea kwa kuwa wote wanataka uendelee, na kila kipindi kipya kinahitaji ridhaa ya wote. Mmoja akiikatalia, hakuna ridhaa ya pamoja, na taa inazimika kwa kila mtu. Kwa kuwa sasa upangaji wote unaohusika ni wa vipindi, kanuni hii inawafikia hata wale ambao muda maalumu ulikuwa ukiwakinga. Wanandoa wanaoachana kwa ugomvi, au wapangaji watatu ambao mmoja wao amekasirika, wajue kwamba notisi ya huyo mmoja, ikiwa ya miezi miwili na ikifika mwisho wa kipindi, inawaondolea wote upangaji. Anayetaka kubaki aanze mazungumzo na mwenye nyumba siku anayoiona notisi, wala asingoje wiki ya mwisho.

Yote haya yanaweza kuonekana ni mambo ya ng'ambo, lakini mizizi yake imo katika sheria zetu. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012, katika kifungu cha 57, inasema kwamba mtu akiruhusiwa kukalia mahali kwa kodi bila makubaliano ya maandishi, huo ni upangaji wa vipindi, na kipindi chake ni kile ambacho kodi inalipwa. Upande wowote unaweza kuumaliza kwa notisi isiyopungua kipindi hicho, inayoisha katika siku ya kulipa kodi. Ni kanuni ileile. Anayelipa kila tarehe 1 mjini Nairobi na kupewa notisi Juni 10 hapaswi kuambiwa ahame Julai 1, wala Julai 10; mwezi wake unatimia Julai 10, na siku ya kodi inayofuata ni Agosti 1. Kifungu cha 60 kinagusa mkataba wa muda maalumu uliokwisha: kupokea kodi baada ya mwisho hakumaanishi peke yake kwamba mwenye nyumba ameridhia mtu aendelee kukaa, ila akiendelea kuipokea kwa miezi miwili huku mpangaji yumo ndani, sheria inachukulia kwamba upangaji wa mwezi hadi mwezi umeanza. Kwa hiyo anayetunza risiti za miezi hiyo miwili ana ushahidi mkononi.

Lakini katika vifungu hivyo mwenye nyumba hatakiwi kutoa sababu. Hapo mpangaji wa mwezi kwa mwezi ni dhaifu kweli, na mkataba wa mwaka unamfaa zaidi. Sasa shuka ghorofa ya chini ya jengo hilohilo, penye duka. Duka, hoteli na mkahawa vina sheria yao, Sura ya 301 ya Sheria za Kenya. Chini yake, upangaji usioandikwa, au ulioandikwa kwa muda usiozidi miaka mitano, unalindwa. Mwenye jengo lazima atoe notisi kwa fomu rasmi, isiyopungua miezi miwili, yenye sababu mojawapo iliyotajwa na sheria, na mwenye duka anaweza kuipinga mbele ya baraza la kodi za majengo ya biashara kabla siku ya notisi haijafika. Asipoipinga kwa wakati, notisi inashika nguvu, na hili limewagharimu wengi walioitia kwenye droo wakidhani itapita. Matokeo yake ni kwamba muuza duka aliyeingia miaka kumi iliyopita kwa kupeana mkono, bila hata karatasi, analindwa kuliko mwalimu wa ghorofa ya pili mwenye mkataba wa mwaka mmoja uliogongwa mhuri wa wakili. Wote wawili wako Kenya, katika jengo moja, wakimlipa mtu mmoja.

Turudi Leicester, kwa sababu kuna watu ambao sheria mpya imewaruka, nao ni wengi miongoni mwetu. Anayepanga chumba ndani ya nyumba anamoishi mwenye nyumba mwenyewe, wakitumia jiko moja na sebule moja, hamo katika utaratibu huu. Kwake notisi ni ile ya kiasi cha kuridhisha, kwa kawaida kipindi kimoja cha kodi, na ikishapita mwenye nyumba halazimiki hata kwenda mahakamani ili amtoe. Yule mama, baada ya kuzielewa tarehe zake na kuzizungushia duara kwenye kalenda ya ukutani, aliniuliza kuhusu mdogo wake aliyepanga chumba kwa mzee mmoja wa kwao huko Coventry, tena ana mkataba wa mwaka. Nikamuuliza mzee huyo analala wapi. "Chumba cha pili, na jikoni wanagombania friji." Basi mkataba huo wa mwaka, kwa mdogo wake, ndio ulinzi pekee alio nao, na ukiisha hana mwingine.